Slaidi 42, Kadi 9: Namna ya Kumwandalia Dokezo Mkufunzi Asiyependa Kusoma Maandishi

Mada nyingi za mafunzo kazini humfikia mkufunzi zikiwa zimekwisha kuandikwa na watu wengine. Slaidi huwa nyingi, kila moja imejaa sentensi ndefu, na aliyepewa kazi ya kufundisha hulazimika kuchagua moja kati ya mambo mawili: kuwageuzia mgongo wanafunzi wake na kuwasomea ukuta, au kuyaacha maandishi yale na kusema anachokumbuka. Njia ya kwanza huwachosha wasikilizaji. Njia ya pili ina hatari zaidi, kwa sababu katika tiba, kinachosahaulika mara nyingi ndicho kinachoua.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kadi za dokezo zenye maneno machache tu. Makala hii inaeleza namna ya kuzitengeneza, na inajikita katika swali moja ambalo watengenezaji wengi hulipuuza: ni kitu gani kinaweza kufupishwa kuwa neno moja, na ni kitu gani hakifupishiki hata kidogo?

Mfano wa kufundishia utakaofuatwa ni wa muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha vijijini, katika mazingira kama ya kata ya Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Amekabidhiwa slaidi 42 kuhusu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, awafundishe wenzake kwa dakika 90. Kazi anaijua, kwani amezalisha kwa miaka mingi. Lakini akishika karatasi ya kusoma, sauti yake hupoa, macho hushuka, naye huanza kukwama kwenye maneno ambayo asingeyatumia yeye mwenyewe. Tena wasikilizaji wake ni mchanganyiko: wapo wauguzi, wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na baadhi yao watakwenda kuyaeleza mambo hayo kwa familia za Wapimbwe na Wasukuma vijijini. Mkufunzi anayesema kwa maneno yake mwenyewe ataweza kugeuza mfano kulingana na aliye mbele yake; anayesoma hataweza.

Hatua ya kwanza: kumsikiliza kabla ya kufupisha

Kosa la kawaida ni kuzifungua slaidi na kuanza kupigia mistari maneno yanayoonekana makubwa. Kadi inayotengenezwa kwa namna hiyo ni slaidi iliyopunguzwa tu. Inabeba maneno ya mwandishi wa slaidi, si ya mkufunzi, na neno la mtu mwingine halimkumbushi mkufunzi jambo lolote.

Afadhali slaidi zifungwe. Mkufunzi aombwe kuieleza mada nzima kwa mdomo, kama anavyomweleza mwanafunzi aliyeanza kazi jana, huku mwenzake akifuatilia kwenye slaidi zilizochapishwa na kuweka alama. Alama ni tatu tu. Penye jambo alilolisema sawasawa bila kusaidiwa, panawekwa tiki. Penye jambo alilolisahau, panawekwa duara. Penye jambo alilolisema tofauti na slaidi, panawekwa msalaba.

Alama hizo ndizo zinazoamua kadi itabeba nini. Penye tiki, neno moja la kuamsha kumbukumbu linatosha, na pengine hata hilo halihitajiki. Penye duara linahitajika neno, kwa maana jambo analijua ila halikuja lenyewe. Penye msalaba, neno halisaidii kitu. Neno huita kile kilichomo kichwani, na hapo kilichomo kichwani ndicho chenye kosa. Mahali hapo lazima jibu lenyewe liandikwe kamili.

Katika mfano wetu, baada ya kusikilizwa kwa nusu saa, sehemu kubwa ya slaidi zile 42 ilipata tiki. Maelezo ya sababu za mama kutokwa na damu, umuhimu wa kuita msaada, namna ya kukagua kondo la nyuma, yote mkunga aliyasema vizuri kuliko yalivyoandikwa. Misalaba ilikuwa michache, lakini karibu yote iliangukia mahali pamoja: kwenye dawa.

Slaidi moja inapogeuzwa kadi

Slaidi ya 19 ilisomeka hivi:

"Mama anapopoteza damu inayofikia mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, mtoa huduma aite msaada, achue mfuko wa uzazi, atoe oksitosini ya tiba kwa njia ya mshipa, atoe asidi ya traneksamiki gramu 1 taratibu kwa njia ya mshipa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 3 tangu kujifungua, aanzishe dripu ya maji, na achunguze kibofu, njia ya uzazi na kondo ili kutambua chanzo cha damu."

Kadi ya kwanza iliyotokana na slaidi hiyo ilikuwa na maneno sita yaliyopangwa kwenda chini, na mshale mmoja kati ya neno na neno:

Ita
Chua
Oksitosini
Traneksamiki
Dripu
Chunguza

Kwa macho ni kadi nzuri. Maneno ni machache, herufi ni kubwa, na hakuna sentensi ya kumshawishi mkufunzi asome. Katika jaribio la kwanza mkunga aliyataja mambo yote sita bila kusita, naye alifurahi. Aliyeshika slaidi, hata hivyo, alikuwa ameandika makosa matatu.

La kwanza lilitoka kwenye mishale. Mkunga alisema: "Unachua, damu isipokoma, unatoa oksitosini, isipokoma tena, ndipo unaingia kwenye traneksamiki." Slaidi haikusema hivyo. Hatua zile hutolewa kama fungu moja, bila kusubiri moja ishindwe ndipo ianze nyingine. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nijeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima damu mapema na kutoa fungu hilo kwa pamoja kulipunguza matokeo mabaya kwa asilimia 60, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu hiyo. Kadi haikuwa na neno lolote lisilo sahihi. Umbo lake ndilo lililofundisha kinyume: orodha yenye mishale husema "kisha", hata pale mwandishi alipokusudia "pamoja".

La pili lilitoka kwenye neno oksitosini. Neno hilo lilikuwamo katika kadi mbili. Katika kadi ya kinga lilimaanisha yuniti 10 zinazochomwa msulini ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa. Katika kadi ya tiba lilimaanisha dawa ya mshipani: yuniti 10 ndani ya dripu kwa dakika 10, kisha yuniti 20 katika lita 1 ya maji kwa saa 4. Mkunga alipoliona neno katika kadi ya tiba, ulimi wake ulileta kile anachokifanya kila siku, akasema "kumi msulini". Neno moja lililobeba vipimo viwili liliita kile kilichozoeleka.

La tatu lilikuwa kwenye traneksamiki. Alisema itolewe "haraka, ndani ya saa moja". Alichanganya mambo mawili. Uamuzi wa kuitoa ndio unaotakiwa kuwa wa haraka, kwa sababu faida yake hupungua kadiri muda unavyopita, na baada ya saa 3 haipaswi kuanzishwa. Lakini sindano yenyewe husukumwa taratibu kwa dakika 10, kwa kuwa ikisukumwa kwa kasi inaweza kushusha shinikizo la damu la mama ambaye tayari amepoteza damu. Aliyemsikiliza mkunga siku hiyo angeweza kwenda kuisukuma sindano kwa kasi, tena angeweza kumnyima dawa mama aliyefikishwa kituoni saa mbili baada ya kujifungulia nyumbani.

Mambo manne yasiyofupishwa

Makosa hayo yanaonyesha mpaka wa kadi za maneno machache. Hadithi, sababu, maelezo na mifano vinaweza kufupishwa kuwa neno moja, kwa sababu mkufunzi akivieleza kwa maneno mengine leo na mengine kesho, ukweli unabaki uleule. Kuna mambo manne ambayo hayana maneno mengine, nayo yaandikwe kamili kila mara, hata kama mkufunzi ana hakika anayakumbuka.

La kwanza ni kipimo cha dawa pamoja na uniti yake na njia ya kuitoa. Vitatu hivi havitenganishwi. "10" pekee si kipimo, na "yuniti 10" bila kutaja msuli au mshipa bado ni nusu ya kipimo.

La pili ni mpaka wa muda, ukiambatana na mahali unapoanza kuhesabiwa. "Saa 3" haitoshi. Iandikwe "saa 3 tangu kujifungua", maana wapo watakaohesabu tangu damu ilipoanza kutoka.

La tatu ni katazo. Neno "kasi" katika kadi linaweza kusomwa kama amri. Katazo liandikwe na kikanushi chake: "USISUKUME KWA KASI".

La nne ni namba ya kupiga. Tanzania ina namba 115 ya mfumo wa m-mama, unaoratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga. Kwa kituo kilicho mbali na hospitali ya rufaa, ambako njia ya kwenda Mpanda kupitia Sitalike inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, neno "rufaa" peke yake halimsaidii msikilizaji. Namba ndiyo inayomsaidia.

Baada ya marekebisho, kadi moja ikawa mbili. Ya kwanza haikuwa na orodha tena. Ilichorwa kiganja, na kwenye kila kidole neno moja: chua, oksitosini, traneksamiki, dripu, chunguza. Katikati ya kiganja paliandikwa "KWA PAMOJA". Mkunga hakuhitaji sentensi yoyote. Aliinua mkono wake mwenyewe na kusema kwamba mkono haushiki mpini kwa kidole kimoja. Neno "ita" lilihamia kwenye kadi iliyotangulia, kwa kuwa mikono miwili haiwezi kuyafanya yote matano peke yake.

Kadi iliyofuata ilikuwa ya dawa, nayo iliwekewa mpaka mwekundu pande zote:

OKSITOSINI YA TIBA: mshipani. Yuniti 10, dripu, dakika 10. Kisha yuniti 20, lita 1, saa 4.
TRANEKSAMIKI: mshipani. Gramu 1, dakika 10. USISUKUME KWA KASI. Mwisho wa kuanza: saa 3 tangu kujifungua.
Soma ampuli.

Maneno mawili ya mwisho ni dokezo la kawaida, nayo yalitosha. Mkunga alipoyaona alikumbuka kueleza kwamba ampuli nyingi za traneksamiki huwa na miligramu 500, hivyo gramu 1 ni ampuli mbili, lakini lebo isomwe kila mara.

Mpaka mwekundu una maana moja tu: kadi hii inasomwa kwa sauti, neno kwa neno. Mkufunzi asiyependa kusoma hukubali jambo hilo kwa urahisi akiambiwa kwamba ni kadi moja kati ya tisa, tena kwamba wasikilizaji wanapomwona akisoma kipimo badala ya kukitaja kwa kichwa, wanajifunza kuwa wao pia wanapaswa kusoma kabla ya kuchoma.

Kuchagua neno linaloamsha

Kwa kadi zilizobaki, neno zuri ni lile linaloleta picha au tendo. "Ukadiriaji wa upotevu wa damu" ni kichwa cha slaidi. Hakimwambii mkufunzi aanzie wapi. Katika mfano wetu kadi hiyo ilibaki na maneno matatu: "Khanga. Chupa. 500." Kwa maneno hayo mkunga alitandika khanga kuukuu mezani na kuimwagia maji mekundu kutoka kwenye chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Kabla ya kumwaga aliificha chupa, akawauliza wanafunzi wakadirie. Wengi hukadiria pungufu, kwa kuwa kitambaa hunyonya na kuficha, na ndiyo sababu damu inapaswa kukusanywa na kupimwa badala ya kutazamwa kwa macho tu. Slaidi ilieleza jambo hilo kwa mistari minane. Namba 500 ilibaki kwenye kadi kwa sababu ni mpaka wa uamuzi, na mpaka haufupishwi.

Neno la kadi liwe la mkufunzi mwenyewe. Kama yeye husema "kuchua", kadi isiandike "masaji". Kama husema "mji wa mimba", asilazimishwe kuandika "mfuko wa uzazi". Mtengenezaji akishindwa kuchagua, arejee alichokiandika wakati wa kumsikiliza na kuchukua neno ambalo mkufunzi alilitumia kwanza.

Umbo la kadi na namna ya kuipima

Karatasi ya manila iliyokatwa kwa ukubwa wa robo ya karatasi ya A4 inatosha. Kadi isizidi maneno saba, isipokuwa ile yenye mpaka mwekundu. Maandishi yawe ya kalamu nene, ya kusomeka kadi ikiwa mezani na mkufunzi amesimama. Pembeni iandikwe namba ya kadi na dakika ambayo mkufunzi anatakiwa kuwa ameifikia. Kisha zote zitobolewe pembe moja na kufungwa kwa uzi, maana kadi zikianguka na kuchanganyika, mpangilio hupotea mbele ya watu. Umeme ukikatika na projekta ikazimika, kazi inaendelea.

Kadi mbaya hujulikana kwa dalili zake. Mkufunzi akiitazama zaidi ya mara moja kabla ya kuanza kusema, neno lililomo si lake. Akiisoma kama sentensi, ina maneno mengi. Akiruka kadi na kuirudia baadaye, mpangilio haufuati mtiririko wa mawazo yake. Na kipimo kikali kuliko vyote ni hiki: afanye majaribio mawili, siku mbili tofauti, mwenzake akiwa ameshika slaidi na kuandika kila namba inayotajwa. Namba yoyote inayotofautiana kati ya siku ya kwanza na ya pili, au kati ya mdomo na slaidi, ihamie kwenye mpaka mwekundu. Maneno yakitofautiana, yaachwe. Hayo ndiyo uhai wa mafunzo.

Mahali ambapo kadi hazifai

Kadi hizi ni za mtu mmoja. Mkufunzi mwingine akizichukua atakutana na maneno yasiyomkumbusha kitu, na "khanga" kwake itakuwa nguo tu. Kwa sababu hiyohiyo hazipaswi kubandikwa ukutani katika chumba cha kujifungulia. Mwongozo wa kazi wa chumbani lazima umwelekeze hata mtu asiyejua. Kadi ya dokezo humkumbusha anayejua. Slaidi zile 42 nazo zisitupwe: zichapishwe kama kitini cha wanafunzi, wapate mahali pa kurejea baada ya mafunzo.

Kila kadi yenye mpaka mwekundu iandikwe pia jina la mwongozo uliotumika na mwaka wake. Miongozo hubadilika, lakini kadi iliyofungwa kwa uzi mfukoni haibadiliki yenyewe. Kabla ya kila mafunzo, namba zilizomo zilinganishwe upya na mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika wakati huo.

Kadi ya 9 katika mfano wetu ilikuwa ya mama na ndugu zake, na iliwahusu hasa wahudumu wa ngazi ya jamii. Ilikuwa na maneno manne na namba moja: "Nyumbani. Khanga inalowa. Usisubiri. 115." Kutokana na hayo mkunga alieleza kwamba hatari haiishi mama anaporuhusiwa kutoka kituoni, kwamba mama anayelowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, anayepata kizunguzungu au anayezimia, arudishwe kituoni mara moja bila kusubiri kupambazuke, na kwamba ndugu akumbuke saa ambayo mtoto alizaliwa, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na mhudumu anayehesabu zile saa 3.